Kumtia mtu ndani ya picha ya zamani: njia mbili, na ipi ikufae

Wachumba wawili walikuja dukani kwangu Tanga, miezi mitatu kabla ya harusi yao. Yule dada alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na picha ya mraba, sentimita 9 kwa 9, yenye ukingo mweupe ambao sasa umekuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Bibi yake ameketi kwenye stuli mbele ya pazia la studio, gauni la maua, mikono imepakatwa. Nyuma pameandikwa 1974 kwa kalamu ya wino. Bibi alifariki kabla mjukuu hajazaliwa.

"Kaka, nataka nisimame hapa nyuma yake," akaniambia, akiweka kidole pale penye nafasi upande wa kulia wa stuli.

Mchumba wake hakuwa na picha ya mtu. Yeye alitaka picha yake mwenyewe ya kwenye kadi ya mwaliko, amevaa bugaluu, ameegemea baiskeli ya Foniksi ya babu yake, ionekane kama imetoka kwenye albamu ya wakati huo.

Watu wengi wangesema kazi hizi mbili ni moja: picha ya leo igeuzwe ya kale. Ukikaa nazo mezani unaona zinakwenda kinyume. Kazi ya dada inaanza na picha iliyokwisha zeeka, na mtu mpya anatakiwa kuifuata huko ilikofika. Kazi ya kaka inaanza na vitu vipya vyote, mtu na mahali, na vinazeeshwa pamoja. Nitaziita njia ya kumfikisha na njia ya kuzeesha pamoja. Nitazilinganisha kwa kazi hizi mbili, kwa sababu ukishika njia isiyo yako utapoteza siku kadhaa na mwisho picha itabaki inaonekana kama karatasi iliyogundishwa juu ya nyingine.

Safari ya picha

Kabla ya kufungua programu yoyote, fikiria picha ya 1974 ilipitia wapi. Kwanza mwanga ulipita kwenye lenzi, na lenzi ikalainisha ncha za vitu kidogo. Kisha ukaangukia filamu, na hapo ndipo chembe, zile nukta ndogo ndogo za filamu, zilipozaliwa. Negativu ikasafishwa kwenye karatasi, karatasi ikampa kila mtu weusi wake na weupe wake. Mwisho ikakaa miaka 50 ndani ya albamu, rangi zikapungua, vumbi na mikwaruzo vikaja juu ya vyote.

Mpangilio huo ndio unaotakiwa kufuatwa kwenye kompyuta: ulaini, kisha chembe, kisha weusi na weupe, kisha kufifia, kisha mikwaruzo. Anayetia chembe mwanzo halafu akalainisha picha, amezifuta chembe zake. Anayetia chembe mwisho kabisa, juu ya rangi zilizokwisha fifia, anapata chembe kali zenye weusi kuliko nywele za mtu, jambo ambalo haliwezekani kwenye karatasi iliyofifia, maana chembe nazo zilififia pamoja na kila kitu.

Kwenye kuzeesha pamoja, mtu na mahali wanasafiri kwenye gari moja, kwa hiyo makosa yako madogo yanawapata wote sawa na jicho halioni. Kwenye kumfikisha, mahali pamekwisha fika na mtu anasafiri peke yake. Akipungukiwa hatua moja tu, anaonekana.

Kilichofifia ni nini hasa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vichujio vya simu vinapodanganya. Kichujio cha "kale" kwa kawaida hutia rangi ya kahawia au njano juu ya picha nzima, sawasawa kuanzia nywele mpaka shati jeupe. Picha ya rangi ya karatasi ya miaka ya 70 haikuzeeka hivyo.

Karatasi ile ilikuwa na matabaka matatu ya rangi: samawati, zambarau-nyekundu na njano. Katika karatasi nyingi za wakati huo, picha iliyokaa gizani ndani ya albamu ilipoteza samawati kuliko nyingine. Kazi ya samawati ni kuzuia wekundu usionekane. Ikipungua, wekundu unajitokeza, na unajitokeza zaidi mahali palipokuwa na rangi nyingi, yaani kwenye nywele nyeusi na vivuli. Upande wa pili, sehemu nyeupe na ukingo wa karatasi viliota umanjano, kwa sababu ya kemikali iliyobaki ndani ya karatasi bila kutumika. Kwa hiyo ni mambo mawili tofauti kwenye ncha mbili tofauti: vivuli vinakuwa vyekundu, weupe unakuwa wa manjano.

Kwenye picha ya bibi nilipima kwa zana ya kuchukua rangi. Sehemu nyeusi kuliko zote, ndani ya nywele, ilisoma nyekundu 62, kijani 38, buluu 36. Ukingo mweupe ulisoma 236, 222, 188. Nambari hizo sita ndizo ramani nzima ya kumfikisha mjukuu pale alipo bibi. Hazikisiwi, zinasomwa kwenye picha yenyewe.

Kama picha yako ya asili ni slaidi ya Kodachrome, acha haya yote. Filamu ile, iliyotoka mwaka 1935 na kuacha kutengenezwa 2009, ilihifadhi rangi zake vizuri sana ikikaa gizani. Slaidi ya Kodachrome ya mwaka 1960 inaweza kuwa na wekundu na buluu iliyojaa hadi leo. Ukiifanya iwe nyekundu-nyekundu umeipa historia isiyo yake.

Njia ya kumfikisha: kazi ya dada

Sharti la kwanza la njia hii ni kuwa na picha halisi mkononi, karatasi yenyewe. Dada alikuwa amenitumia kwanza kwa WhatsApp, na nilimwomba ailete. Picha iliyobanwa na WhatsApp imepoteza chembe zake; zimegeuka mabaka ya mraba, na huwezi kuchukua kutoka humo kitu cha kumpa mtu mpya. Kama karatasi haipatikani kabisa, nakushauri uhamie njia ya pili mapema.

Niliiskani kwa pikseli 600 kwa inchi, nikahifadhi kwa TIFF, na nikazima kila kitu ambacho skana inajifanyia yenyewe: kurudisha rangi, kuondoa vumbi, kukaza ncha. Nilipata faili la takriban pikseli 2,100 kila upande. Kwenda juu zaidi ya hapo kwa karatasi ya ukubwa huu ni kukuza nyuzi za karatasi.

Halafu nikaisoma picha kama fundi anavyosoma nguo kabla ya kuikata. Kivuli cha pua ya bibi kinaanguka chini kushoto, chenye ncha kali. Kwa hiyo taa ilikuwa juu kulia, bila kitambaa mbele yake. Kwenye mboni kuna nukta moja ya mwanga upande huo huo. Kamera ilikuwa chini: magoti yanaonekana kwa usawa na kidevu kimeinuliwa kidogo kwetu. Picha ya mraba ya studio ya wakati ule mara nyingi ilipigwa na kamera ya filamu pana ambayo mpigaji huitazama kwa juu, ameishika tumboni. Ndiyo sababu watu wa picha zile wanaonekana warefu na wenye heshima zao.

Nikampiga dada picha kwa kufuata hayo. Kamera kwenye usawa wa tumbo langu, umbali wa mita mbili na nusu, taa moja juu kulia bila kitambaa. Umbali huo usiuchezee. Simu ikisogezwa karibu, sentimita 60 kutoka usoni, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, na hakuna programu itakayomfanya mtu huyo aonekane alisimama kwenye studio moja na bibi yake. Kama unatumia simu, rudi nyuma, kuza mara mbili, na uzime hali ya kufifisha mandhari. Nyuma yake niliweka shuka la kijivu-buluu linalokaribiana na pazia la bibi. Hilo liliniokoa kwenye nywele: pembezoni mwa nywele huwa panabaki na rangi ya kile kilichokuwa nyuma, na rangi hiyo ikikaribiana na pazia analohamia, haina haja ya kukatwa unywele kwa unywele.

Kwenye programu, natumia GIMP. Nilimkata, nikamweka juu ya picha ya bibi, nikampunguza mpaka kichwa chake kikawa kidogo kuliko cha bibi kwa asilimia chache, maana anasimama hatua moja nyuma. Hapo ndipo safari yake ikaanza.

Ulaini kwanza. Picha ya leo ina kope zinazohesabika. Za bibi ni mstari mmoja laini. Nikatumia `Gaussian Blur` ya pikseli 1.5, nikilinganisha kope na kope mpaka zikafanana.

Chembe zilifuata, na hapa njia ya kumfikisha ina zawadi yake: huhitaji kuzitengeneza, unaziazima. GIMP hupanga picha kwa leya, tabaka juu ya tabaka, na ina hali mbili za leya zilizowekwa kwa kazi hiyo. Ya kwanza inatoa chembe nje ya picha, ya pili inazirudisha juu ya nyingine.

```
Grain extract:  E = I - M + 128
Grain merge:    E = I + M - 128
```

I ni leya ya chini, M ni ya juu, E ni matokeo. Nilikata kipande kitupu cha pazia la bibi, mahali pasipo na mchoro wowote. Nikakiweka kwenye faili jipya, nikakinakili, na nakala ya juu nikaipa ukungu wa pikseli 8. Nikaiweka kwenye `Grain extract`. Kinachobaki ni kijivu kitupu chenye chembe tu. Nikachukua `Layer > New from Visible`, nikakiweka juu ya dada kwa `Grain merge`, kikiwa kimezuiwa na maski kisimguse bibi. Kipande hakikumfunika mwili mzima, kwa hiyo nilikiweka mara mbili, cha pili kikiwa kimegeuzwa kulia-kushoto ili mchoro usijirudie.

Nilichokiona kwenye kile kijivu kilinifundisha. Chembe zenyewe zilikuwa ndogo mno. Filamu pana ya sentimita 6 kwa 6 ikisafishwa kwenye karatasi ya 9 kwa 9 imekuzwa mara moja na nusu tu, na kwa ukuzaji huo chembe hazionekani karibu kabisa. Kilichokuwa kinaonekana zaidi ni mfumo wa karatasi, zile nukta za karatasi ya hariri zilizopendwa miaka ile. Kama ningetia chembe nene za kutengeneza, dada angekuwa na mchanga mwilini na bibi angekuwa na hariri.

Sasa weusi, weupe na kufifia kwa pamoja. Nilikwishahakikisha kwamba kwenye picha mpya weusi ni mweusi kweli na weupe ni mweupe. Kisha `Colors > Levels`, na kwenye kila rangi nikaandika nambari za ramani pale panaposomeka `Output Levels`: nyekundu 62 mpaka 236, kijani 38 mpaka 222, buluu 36 mpaka 188. Dada akaingia. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Dakika moja kabla alikuwa mtu aliyebandikwa, na sasa alikuwa chumbani. Kwa kweli hatua hii ilitakiwa ibebe na chembe, lakini chembe za bibi zilikuwa zimekwisha fifia zilipoazimwa, kwa hiyo nilizipandisha juu ya `Levels` badala ya kuziacha chini. Hapo tu ndipo mpangilio wa safari unavunjwa, kwa sababu chembe hizo zilishasafiri.

Kivuli kilikuwa cha mwisho. Kivuli cha bibi kwenye pazia si cheusi, ni wekundu uliokolea. Nikachukua rangi ile ile, nikajaza umbo la dada lililosogezwa kushoto na chini, nikalitia ukungu wa pikseli 25 na kuliweka kwenye `Multiply`. Miguu haikunisumbua, kwa sababu stuli na gauni la bibi vimeificha. Kama ingebidi aonekane mpaka viatu, ningekuwa na kazi ngumu zaidi kuliko nywele: pale soli inapogusa sakafu pana kivuli chembamba, cheusi kuliko vingine vyote, na kikikosekana mtu anaelea.

Jioni tatu. Hiyo ndiyo bei ya njia hii.

Njia ya kuzeesha pamoja: kazi ya kaka

Kaka alipigwa mchana mmoja. Nilimsimamisha na baiskeli kwenye baraza ya nyumba ya zamani yenye milango ya mbao, saa kumi jioni, na papo hapo nikaipiga baraza tupu kutoka mahali pale pale bila kuugusa mguu wa kamera. Yeye mwenyewe nilimpiga tena pembeni, kwenye kivuli chenye mwanga wa upande ule ule, kwa sababu kwenye baraza kulikuwa na watu wanapita. Mwanga wa saa ile ile na kamera ile ile. Kumuunganisha na baraza kulichukua nusu saa.

Muda wangu ulikwenda kwenye kufuta. Macho yetu yamezoea vitu vya sasa hata hatuvioni: luku ukutani, dishi la setilaiti, waya wa intaneti, chupa ya maji ya plastiki, namba ya gari inayochungulia nyuma. Nilipita picha kipande kwa kipande kwa `Clone` na `Heal`. Njia ya kumfikisha haina kazi hii hata kidogo, maana studio ya 1974 haina luku.

Baada ya hapo yote yanafanyika kwa picha nzima mara moja. Ulaini wa pikseli 1. Halafu chembe za kutengeneza: leya mpya ya kijivu cha katikati, `Filters > Noise > RGB Noise`, kisha `Gaussian Blur` ya pikseli 0.8 juu ya leya hiyo, kisha hali ya `Grain merge`. Ule ukungu mdogo ndio unaotenganisha chembe na chenga. Chenga za kidijitali ni pikseli moja moja, kila moja peke yake, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Chembe za filamu zinashikana kwenye vishada vidogo visivyo na ukubwa mmoja. Zaidi ya hayo, zinaonekana kwenye rangi za kati, ukutani na usoni, na zinapotea kwenye weupe kabisa na weusi kabisa. Nilizipunguza huko kwa maski.

Kiasi gani? Rudi kwenye ukuzaji. Tulijifanya ni filamu ndogo, fremu ya milimita 24 kwa 36, iliyosafishwa kwenye karatasi ya sentimita 13 kwa 18. Huo ni ukuzaji wa mara tano, na hapo chembe zinaonekana ukikaza macho. Usipime kiasi hicho ukiwa umeikuza picha kwenye kioo. Chapisha kipande kimoja kwa ukubwa halisi na ukitazame ukiwa umekishika kama unavyoshika picha.

Kufifia nilikufanya kwa `Colors > Curves` kwa miguso miwili mikubwa: ncha ya chini ya nyekundu ikapanda, ncha ya juu ya buluu ikashuka. Nilitaka picha iliyokaa albamuni, kwa hiyo wekundu vivulini na umanjano kwenye weupe. Kijani nilikipandisha kidogo chini, vivuli visije vikawa damu.

Mikwaruzo sikutia. Watu hupenda kuimwaga, na mikwaruzo ya kununua inafanana picha hadi picha. Ukingo mweupe wenye kona za mviringo ulimtosha.

Nguo: kuvaa au kubandika

Hapa njia zote mbili zinakutana, na ushauri wangu ni mmoja: nguo ivaliwe. Kuhamisha kichwa cha mtu kwenda mwili wa picha ya zamani kunawezekana pale tu ambapo shingo imefunikwa. Kanzu yenye shingo iliyofungwa, pamoja na kofia, inaweza kupita. Gauni la shingo wazi halipiti, kwa sababu ngozi ya uso na ya shingo haiishi kwenye mwanga mmoja na kidevu cha mtu mwingine kina kivuli cha mtu mwingine.

Dada alishonewa. Fundi cherehani aliitazama picha ya bibi na kunakili kola na mikono, kwa kitambaa cha tetroni kilichopatikana kwenye duka la zamani. Tetroni inasimama, inakunjika kwa ncha. Vitambaa laini vya sasa vinaanguka mwilini, na mkunjo ni kitu ambacho chembe wala wekundu havifichi. Alikuja na kucha ndefu za kubandika na nyusi za kuchorwa. Kucha zilitoka. Nyusi nilizipunguza makali kwenye kompyuta kwa idhini yake. Nywele alizichana kwa afro fupi badala ya rasta, na hilo ndilo lililomfananisha na bibi kuliko gauni.

Kaka alipata bugaluu na shati la kola ndefu kwenye mtumba, viatu vya raizoni akaazimwa na baba yake mdogo. Saa ya kidijitali aliisahau mkononi, tukarudia.

Kwa wanaotaka picha ya mwanamke wa Pwani barabarani, angalieni buibui. Lile la zamani lilikuwa kitambaa kipana kilichofungwa kichwani na kushikwa kwa mkono, si abaya yenye mikono iliyoshonwa kwa mtindo wa Ghuba ambayo imeenea baadaye. Kanga nayo isomwe kabla haijavaliwa: maandishi ya kampeni ya mwaka juzi yameharibu picha nzuri nyingi. Na ukitaka kuweka mandhari Dar es Salaam, kumbuka Operesheni Vijana iliyoanza Januari 1969 ikipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Sketi fupi barabarani mwaka ule ilikuwa na maana yake, na watu wazima watakaoiona picha wanaikumbuka.

Pa kujifunzia si filamu za nje. Tazama picha za studio zetu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ina kuta zilizojaa. Na huko Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha za watu ndani ya maumbo na mandhari kwa mikono yake, miongo kadhaa kabla ya kompyuta. Kazi hii ya kumtia mtu mahali asipokuwepo ni ya nyumbani kwetu.

Ipi sasa

Ukitaka kuwa na mtu fulani au mahali fulani palipokwisha toweka, huna budi kumfikisha. Uwe na karatasi halisi, uwe na nafasi tupu ndani ya picha ambayo mtu anaweza kusimama bila kuonyesha miguu, na uweze kumpiga upya huyo anayeingia. Likikosekana hilo la mwisho, yaani una selfii tu iliyopigwa juani, mimi huikataa kazi. Mwanga wa pua hauhamishiki.

Ukitaka wakati na si mtu, zeesha pamoja. Ni rahisi, inasamehe, na inaweza kuchapishwa kubwa. Ile ya kumfikisha nisingeipeleka zaidi ya mara mbili ya ukubwa wa karatasi ya asili, kwa sababu ukiikuza, kope na mipaka ya nywele vinaanza kusimulia.

Katikati kuna nyeusi na nyeupe, na kwa anayeanza ningemwambia aanzie huko hata kama picha ya asili ni ya rangi. Ramani ya nambari sita inabaki nambari mbili, na rangi ya ngozi haikusumbui tena. Unachopoteza ni ule wekundu wa albamu, ambao kwa wengine ndio picha yenyewe.

Kabla ya kuchapisha, kwa njia yoyote, nafanya jaribio moja. Natengeneza `New from Visible`, naitia `Curves` yenye mwinuko mkali sana mpaka picha inakuwa mbaya, na naangalia kama mtu anajitokeza kama kiraka. Kwa dada, jaribio lilionyesha mkono wa kushoto ukiwa msafi kuliko mwili: kipande cha chembe hakikuufikia. Kwa jicho la kawaida nisingeuona. Leya ile ya jaribio inafutwa, mkono unarekebishwa.

Usiwatumie wateja kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Chembe zote zitageuka mabaka na watadhani ndivyo ulivyofanya. Tuma kama hati, au chapisha. Ya dada nilichapisha sentimita 9 kwa 9, karatasi isiyong'aa, na nyuma nikaandika kwa penseli mwaka iliotengenezwa na neno "imeunganishwa", ili wajukuu zake wasije wakabishana.

Mama yake, binti wa bibi yule, ndiye aliyekuja kuichukua. Nilimwamkia, nikamkabidhi bila kusema chochote. Aliishika muda mrefu karibu na dirisha. Kisha akaniuliza lile gauni la mtoto alishona nani, maana kola ile mama yake alikuwa akiikata mwenyewe.